Mnara wenye alamu 3,412 na mnara wenye alamu 96: upi ni mgonjwa?

*Habari mzee. Mimi ni fundi wa minara huku West Nile, nakaa Arua. Bosi amenipa faili la alamu za siku 30, mistari kama elfu kumi na moja, anataka nimwambie ni minara ipi inaharibika kila mara na kwa nini inakaa saa nyingi bila kurudi hewani. Nimepanga kwa idadi ya alamu, na wa kwanza ametoka ARU-22, ambao wateja hata hawaulalamikii. Wanaolalamika ni wa ARU-14, lakini huo uko chini kabisa kwenye orodha yangu. Nimekosea wapi? Faili nimekuambatishia.*

Ndugu yangu, hesabu yako iko sawa, ila umehesabu kelele. Nimelifungua faili. ARU-22 ina mistari 3,412, na karibu yote ni `Door Open` inayowaka na kuzima ndani ya sekunde chache. Ukiipanga kwa saa za siku, utaona inaanza upepo unapoanza mchana na inatulia usiku. Kitasa cha mlango kimelegea, au kile kiswichi kidogo cha mlangoni kimepinda. Siku utakapopita huko, beba bisibisi. Katika mwezi wote huo mnara haukuzimika hata dakika moja.

ARU-14 ina mistari 96 tu, na ndani ya hiyo kuna saa 74 za kutokuwa hewani. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwezi watu wa hapo hawakuwa na mtandao. Alamu ni chache kwa sababu mnara uliokufa hausemi. Kadiri unavyokaa kimya muda mrefu, ndivyo mistari yake inavyopungua. Ndiyo maana idadi ya alamu inakupeleka upande usio wako.

Kabla sijaingia kwenye ARU-14, nikuonye kuhusu saa, maana hapo ndipo mafundi wengi wa huko kwenu wanaumia. Mfumo unaandika `UTC`, nasi tuko saa tatu mbele yake. Alamu iliyoandikwa 18:45 ilitokea 21:45 kwetu, yaani saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Ukimpigia mlinzi wa mnara akakwambia "ilizima saa tatu usiku", usiandike 03:00 kwenye daftari lako. Nimeona ripoti nzima ikiharibika kwa kosa hilo. Tena ninyi mna mtego mwingine ambao sisi wa Kampala hatuna. Congo ya upande wenu iko saa moja nyuma yetu, na Sudan Kusini nayo ilirudi kwenye saa hiyo hiyo mwaka 2021. Fundi akiwa Vurra au karibu na Koboko, simu yake ikidaka mtandao wa ng'ambo, saa yake inarudi nyuma bila yeye kujua, na muda anaouandika kwenye fomu ya kazi unapotea kwa saa nzima. Chukua tukio moja unalolikumbuka vizuri, siku umeme ulipokatika mji mzima, ulitafute kwenye faili. Likikaa mahali pake, endelea.

Sasa tenga alamu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni alamu inayosema huduma imekufa. Kwenye faili lako ni `NE Disconnected`, ambayo haitolewi na mnara wenyewe bali na mfumo wa makao makuu unapoita mnara usiitike. Fungu la pili ni alamu zinazoeleza sababu: umeme, betri, joto, redio. Muda wa kuzimika upime kwa fungu la kwanza peke yake. Fungu la pili ni mashahidi, na shahidi hahesabiwi pamoja na wafu.

Hata hilo la kwanza usilimeze hivi hivi. Mara nyingine njia ya usimamizi hukatika wakati simu za wateja zinaendelea kupita. Omba takwimu za mazungumzo na data za saa hiyo. Zikiwa na namba, mnara ulikuwa hai na ni sisi tuliokuwa hatuuoni. Katika ARU-14 nilipitia muda wote niliouhesabu, na takwimu ni sifuri.

Kazi inayofuata ni kuunganisha vipande. Tukio moja huandikwa mara tatu, kwa sababu vifaa vya 2G, 3G na 4G kila kimoja kinapiga kelele yake. Ukijumlisha muda wao unapata saa mara tatu ya zilizopita kwenye ukuta. Kinachotakiwa ni kuanzia wa kwanza alipozima hadi wa mwisho aliporudi, na mnara ukirudi kwa chini ya dakika 15 kisha ukazima tena, mimi huhesabu kuwa haukurudi. Mistari hii inatosha, `d` ikiwa ni jedwali la `NE Disconnected` peke yake na `pd` ikiwa ni pandas:

```python
d = d.sort_values(['site', 'start'])
prev = d.groupby('site')['end'].transform(
    lambda s: s.cummax().shift())
d['new'] = prev.isna() | (
    d['start'] > prev + pd.Timedelta('15min'))
d['ev'] = d.groupby('site')['new'].cumsum()
ev = d.groupby(['site', 'ev']).agg(
    start=('start', 'min'), end=('end', 'max'))
```

Mistari isiyo na muda wa kufunga itoe kwanza na uiangalie kwa macho. Faili lako lina mnara unaodaiwa kuzimika siku 19 mfululizo wakati takwimu zake za data ziko palepale kila siku. Hiyo ni alamu ambayo taarifa yake ya kufunga ilipotea njiani. Ukiiacha, itakaa juu ya orodha na kuwaaibisha wote.

Baada ya kuunganisha, kumi bora wako wanabadilika kabisa. ARU-14 inapanda hadi namba moja, na chini yake kuna minara minne yenye saa zinazokaribiana na zake. Usikimbilie kuandika kwamba minara mitano ina ugonjwa. Tazama kwenye ramani ya maikrowevu: hiyo minne yote inapita ARU-14 kwenda Arua mjini. Kila inapozimika, ARU-14 imezimika dakika hiyo hiyo au moja kabla. Betri zao ni nzima, umeme wao upo, wamekatiwa njia tu. Ndiyo maana malalamiko ni mengi kuliko ukubwa wa kijiji chenyewe. Waweke kwenye safu moja, "wanaomfuata ARU-14", ubaki na mgonjwa mmoja.

Mgonjwa huyo ana matukio 15. Tisa ni mafupi, yote kwa pamoja ni kama saa nne. Sita ni marefu, wastani wa saa 11 na dakika 40 kila moja, na hayo sita ndiyo yaliyokula saa 70. Hapa watu wengi huandika "umeme wa huko ni mbaya" na kufunga daftari. Mimi nilifanya jambo moja dogo: sikutazama yalianza lini, nilitazama yaliisha lini. Yale marefu sita yote yaliisha kati ya 08:40 na 10:50 asubuhi. Umeme haurudi kwa ratiba ya ofisi. Tukio linaloisha kila mara wakati mafundi wameshaamka na kufika kazini limemalizwa na mkono wa mtu, na palipo na mkono wa mtu pana kitu ambacho hakiwezi kujirudisha chenyewe.

Tazama usiku mmoja kwenye faili, vipande vikishaunganishwa, kwa saa za `UTC`. Nimemwongeza jirani, ARU-09, aliye kwenye laini ileile ya umeme:

```
ARU-14  Mains Fail       12 14:52   12 18:14
ARU-09  Mains Fail       12 14:52   12 18:14
ARU-14  NE Disconnected  12 18:03   12 18:19
ARU-14  Mains Fail       12 18:45   13 06:22
ARU-14  NE Disconnected  12 19:02   13 06:29
```

Isome polepole, ukiongeza saa tatu. Umeme umekatika 17:52 kwa wote wawili. ARU-14 imekaa kwenye betri saa 3 na dakika 11, ikazima 21:03. Saa 21:14 umeme umerudi kwa wote wawili, na dakika tano baadaye mnara uko hewani. Mpaka hapo ni tukio fupi la dakika 16. Kisha 21:45, dakika 31 baada ya umeme kurudi, ARU-14 inasema umeme umekatika tena. Lakini jirani yake hasemi kitu, na hakusema kitu hadi asubuhi. Umeme ulikuwepo kwenye nguzo usiku kucha, ila haukuwa ukiingia ndani. Betri ambazo zilikuwa zimeanza tu kunywa zikaisha baada ya dakika 17, mnara ukazima 22:02, ukarudi 09:29 fundi alipofika.

(Alamu hizi za umeme zinatoka kwenye kile kisanduku cha ufuatiliaji chenye modemu na kibetri chake, ndiyo maana kiliweza kuripoti umeme umerudi 21:14 wakati mnara wenyewe bado umekufa. Kwenye minara ambayo alamu za umeme zinapita ndani ya mnara wenyewe, muda wa kufunga utakuwa ule mnara ulioamka, na hesabu ya namna hii haiwezekani.)

Kati ya nguzo na rektifaya, ile inayogeuza umeme wa nguzo uwe wa kulisha mnara na kuchaji betri, kuna mita, breka kuu, na kizuia radi. Fundi wa asubuhi anafika, anakuta breka imeanguka, anaipandisha, anaandika "umeme umerudi" na kuondoka. Nimesoma fomu zote sita za ARU-14 na zote zimeandikwa hivyo. Hakudanganya, maana kweli umeme ulirudi. Ila maneno hayo mawili yamelificha kosa mwezi mzima, na kwenye ripoti likaangukia kwa kampuni ya umeme.

Breka inaanguka kwa nini, tena baada ya nusu saa, na si mara umeme unaporudi? Kama ingekuwa shoti au radi, ingeanguka papo hapo. Kinachochukua nusu saa ni joto: breka inayobebeshwa mzigo kidogo zaidi ya uwezo wake, inapashika taratibu hadi inakata. Kwa hiyo tafuta mzigo ambao upo tu baada ya betri kuisha.

Tupige hesabu. Karatasi ya ARU-14 inaonyesha mnara unatumia ampea 40 kwenye volti 54, yaani kilowati 2.2 hivi. Betri ni za risasi, jumla ampea-saa 400. Kikomo cha kuchaji kilichoandikwa kwenye rektifaya ni ampea 120. Zidisha kwa 54, upate kilowati 6.5. Jumlisha na mzigo wa mnara, kisha ongeza kidogo kwa kinachopotea ndani ya rektifaya: kilowati 9.1. Umeme ni wa fezi moja, na breka kuu ni ya ampea 32. Volti zikiwa 230, kilowati 9.1 zinavuta ampea 39.5. Jioni, kila nyumba imewasha taa na pasi, kisanduku chako kinaonyesha volti 200. Hapo zinavutwa ampea 45.5, kwa maana rektifaya haipunguzi kazi volti zikishuka, inavuta zaidi. Hiyo ni mara 1.4 ya uwezo wa breka. Breka ya kawaida hustahimili hali hiyo kwa dakika kadhaa, hata zaidi ya nusu saa, kisha inakata. Ikiwa kwenye kabati lenye joto inakata mapema zaidi.

Siku za kawaida mnara unavuta kama ampea 10 na breka imelala usingizi. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Hesabu hiyo inaeleza pia lile lililokuwa likinisumbua. Ziko mara tatu betri ziliisha kabisa, umeme ukarudi, na breka haikuanguka. Nilipoangalia, mara hizo tatu umeme ulirudi baada ya saa sita usiku, volti zikiwa karibu 230. Mzigo ulikuwa juu ya uwezo, lakini si kwa kiasi cha kuiangusha kabla betri hazijaanza kushiba na kupunguza kiu. Zile sita zote umeme ulirudi kati ya saa moja na saa nne usiku. Kama maelezo yako hayawezi kusema kwa nini mara nyingine kosa *halikutokea*, bado hujafika.

Sasa nani aliweka ampea 120? Betri za risasi huchajiwa kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, au juu kidogo. Kwa ampea-saa 400 ni 40 hadi 60. Kiwango cha 120 ni cha lithiamu. Nenda kwenye kumbukumbu za mali uulize kama ARU-14 iliwahi kuwa na betri za lithiamu zikaibwa. Niliwahi kukuta mnara mwingine, mahali pengine, hivyo hivyo: wezi walibeba lithiamu, watu wakaleta za risasi kwa haraka usiku, mtandao ukarudi, na hakuna aliyekumbuka kufungua menyu ya rektifaya. Usiliandike kama jambo la hakika kwa ARU-14 mpaka upate karatasi.

Na betri zenyewe? Ampea-saa 400, ukitumia asilimia 80 tu, kwa mzigo wa ampea 40, zingetakiwa kubeba mnara karibu saa 8. Toa kidogo kwa sababu risasi haitoi yote ukiivuta kwa nguvu. Zinabeba saa 3 na dakika 11. Nilipima pengo hilo, kutoka `Mains Fail` hadi `NE Disconnected`, kila mara betri zilipokuwa zimepata siku mbili za kuchaji kabla, ili nisizilaumu kwa njaa. Mwanzo wa mwezi pengo ni saa 3 na dakika 40, mwisho wa mwezi saa 2 na dakika 50. Zinakufa, na zinakufa kwa sababu kila zikiisha zinalala tupu usiku kucha badala ya kuchajiwa. Risasi ikilala tupu inaota chumvi kwenye sahani na haiponi.

Utaratibu wa kazi ni muhimu hapa. Bosi akiona betri mbovu ataagiza mpya, na mpya zikifika kabla ya kurekebisha kikomo, zitavuta ampea 120 kwa muda mrefu zaidi kuliko hizi chovu, breka itaanguka vilevile, na mwakani mtaagiza tena. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda na klampu ya kupimia ampea. Soma kikomo kwenye skrini ya rektifaya kwa macho yako, soma namba ya breka, kaza skrubu zake maana muunganisho uliolegea nao hupasha joto. Kisha shusha kikomo hadi ampea 50. Kwa volti 200 hiyo inakupa kama ampea 25.6 kwenye breka ya 32, nafasi ya kutosha. Ubaya wake ni kwamba betri tupu zitahitaji karibu saa kumi kujaa, na mkikatiwa umeme kila jioni kwa saa nyingi hazitajaa kamwe. Ikitokea hivyo, suala ni breka kubwa na waya mnene zaidi, na hilo ni la fundi umeme mwenye leseni. Usimkubalie mtu anayekuja na breka ya 63 mfukoni huku waya ni uleule. Kitakachokata safari hiyo ni waya.

Kuthibitisha kwamba umepona, usingoje malalamiko yapungue. Tafuta kwenye faili la mwezi ujao mchoro huu mmoja: `Mains Fail` ya pili ndani ya saa moja baada ya ya kwanza kufungwa, wakati jirani wa laini ileile yuko kimya. ARU-14 ilikuwa nayo mara sita. Inatakiwa iwe sifuri. Nimeutafuta kwa minara yako yote pia, nikaukuta kwenye miwili mingine, ARU-31 mara mbili na ARU-05 mara moja. ARU-31 jirani yake wa laini sijamjua, kwa hiyo anza na ARU-05, na ukifika piga picha ya menyu ya kuchaji kabla hujagusa kitu.